Waajiri mnaotudai kampeni nzima kwa jina la usaili, mnatuonea!

Wakuu, nimejaa hasira. Niliomba kazi ya udizaina kwenye kampuni moja ya matangazo hapa Dar. Hata usaili sijaitwa, naletewa barua pepe: niandae mpango wa mwezi mzima wa Instagramu kwa kinywaji fulani, matangazo 30 pamoja na maneno yake, video fupi 4, na nitume faili za PSD, zile za kuhariri. Mwisho Jumatatu saa 2 asubuhi. Barua imeingia Ijumaa saa 12 jioni. Malipo hakuna, eti ni hatua ya mchujo.

Kinywaji chenyewe kiko madukani! Tangazo moja la maana linanichukua saa 2, kwa hiyo 30 ni saa 60. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 62, za kulala zikiwemo, na video bado sijazigusa. Hapo wanapima uwezo gani?

Sikuwatukana. Niliwaandikia hivi:

"Habari za kazi. Asanteni kwa kunifikiria, nafasi hii bado naihitaji. Kazi mliyoomba ni kubwa kuliko ninayoweza kufanya bila malipo. Naweza kutengeneza tangazo 1 la bidhaa ya kubuni, kwa muda usiozidi saa 3, nikalituma kwa PDF pamoja na maelezo ya nilivyofikiri. Au nije niwapitishe kwenye kazi zangu za nyuma. Mkihitaji kazi yote, tukubaliane malipo kwa maandishi kabla sijaanza. PSD nitakabidhi mkishalipa."

Jibu lao: "Wenzako wote wamekubali." Basi.

Mzee wa Gongo la Mboto: Vumilia mdogo wangu. Mimi nilifanya jaribio la bure, nikaajiriwa, mpaka leo nipo. Ajira ngumu, ukiweka masharti wanachukua mwingine.

Mwanzisha uzi: Shikamoo kaka. Lako lilikuwa na ukubwa gani?

Mzee wa Gongo la Mboto: Marahaba. Nembo moja, usiku mmoja.

Mwanzisha uzi: Basi kiasi hicho hata mimi nimekubali kuwapa. Ninachokataa ni mwezi mzima wa kazi ya mteja wao.

Ticha Moro: Kwetu ni hivyo hivyo. Shule moja binafsi iliniambia nifundishe wiki mbili wanione. Nikasahihisha mitihani ya madarasa matatu, kisha simu hazipokelewi. Naweza kuwadai?

Mtetezi: Dada mwanzisha uzi, wahi ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ukasajili kazi zako. Usiposajili huna haki yoyote. Wakikuzungusha, wapeleke CMA.

Bi Afisa Ajira: Mtetezi, hapo umechanganya. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Usajili unasaidia kwenye ushahidi. Ila inalindwa kazi iliyokwisha tengenezwa, wazo tupu halilindwi. Ukiwatumia mpango wa mwezi, wanaweza kuchukua wazo, wakachora upya, na usiwe na la kudai. CMA nayo inasikiliza migogoro ya kazi, na huyu dada hajaajiriwa. Kesi ya Ticha ni tofauti, maana yeye alifanya kazi kweli. Akamwone wakili na ratiba yake ya vipindi mkononi.

Nimekaa upande wa kuajiri muda mrefu. Jaribio la haki huja baada ya usaili wa kwanza, wakiwa wamebaki watu wachache, na wote wanapewa swali moja ambalo ofisi ilishalitatua zamani. Hapo msahihishaji anajua anatafuta nini. Wakikupa bidhaa iliyoko sokoni na kudai PSD, shtuka. Mtu wa kukupima anatosheka na picha. PSD anaihitaji anayetaka kubadilisha na kurusha hewani.

Barua yako ina adabu. Ningeondoa machaguo, nibakize tangazo moja la saa 3, kwa kuwa msomaji wa haraka akiona mengi anaruka yote. Na kabla ya kuweka mpaka, uliza: "Je, kazi hii itatumika kwa mteja?" Wakati mwingine brifu imeandikwa na bosi wa idara na afisa ajira hajaisoma, akiulizwa anaipunguza mwenyewe.

Mzee wa Gongo la Mboto: Na asipopunguza? Kodi ya nyumba haisubiri.

Bi Afisa Ajira: Hapo kila mtu na hali yake, siwezi kumwamulia.

Kijana wa Tabata: Taja kampuni!

Mwanzisha uzi: Sitaji, sina ushahidi kwamba wametumia kazi ya mtu. Bi Afisa, swali hilo nawatumia leo. Na wewe uliyekubali kufanya yale 30, kama unasoma hapa, tuma kwa barua pepe, usipeleke kwa flashi, ili tarehe na jina lako vibaki.