Yule dada wa utumishi mwenye kalkuleta isiyo na saba, leo kanimaliza

mwalimu_wa_fasihi
Wakuu naandika nimesimama kituoni na daladala ya tatu inanipita, mikono inatetemeka, na sio njaa ingawa njaa nayo ipo. Mnamjua. Hata msiniulize jina, kila aliyewahi kuitwa intavyuu mjini hapa ameshakaa mbele ya ile meza yenye kikopo cha karanga, na ile kalkuleta yake iliyong'oka kitufe cha saba mpaka anabonyeza kishimo kwa ncha ya peni.

Intavyuu nimepita. Bosi mwenyewe kaniuliza unataka ngapi, nikasema milioni moja na nusu, ya mkononi, inayoingia benki, sitaki hadithi za grosi. Bosi kasema sawa, nenda kwa dada akupigie hesabu ya barua ya ofa. Hapo ndipo nilipokwenda kufa.

Kaanza: milioni na nusu, NSSF asilimia kumi, laki na hamsini. Inabaki 1,350,000, hiyo ndiyo inakatwa PAYE, inakuja 233,000. Jumlisha makato, 383,000. Sasa, anasema huku anatafuna, tunakuongezea hayo makato juu ya milioni na nusu yako, grosi ni 1,883,000, umeridhika? Kanigeuzia kalkuleta usoni kama mtu anayekuonyesha matokeo ya maabara.

Mimi nikauliza kwa heshima zote, nikasema dada yangu, hiyo laki tatu na themanini na tatu uliyoongeza, yenyewe haikatwi? Akapuliza maganda ya karanga, akaniangalia, akasema: "WEWE UMESOMA KISWAHILI, HESABU TUACHIE WENYEWE."

Wakuu. Mbele ya mtu wa mapokezi. Mbele ya mlinzi, ambaye alicheka mpaka kofia ikaanguka, na huyo mlinzi asubuhi nilimpa buku ya chai. Umesoma Kiswahili hesabu tuachie wenyewe! Na maganda ya karanga yako kwenye CV yangu.

Nimetoka nje nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Grosi 1,883,000, NSSF inaondoka na 188,300, inabaki 1,694,700. PAYE 336,410. Mkononi 1,358,290. Yaani 141,710 imeyeyuka kabla sijaripoti kazini, hiyo ni kodi ya chumba na umeme na chenji ya chapati. Halafu mimi ndio nimesoma Kiswahili.

Kaka_Mkubwa_Tegeta
Hahahaaa mlinzi kakumaliza zaidi ya dada. Ila umesaini au hujasaini? Hilo ndilo swali, karanga baadaye.

mwalimu_wa_fasihi
Sijasaini. Nimeambiwa nirudi Jumatatu. Halafu mkuu hukusikia vizuri, kasema HESABU TUACHIE WENYEWE.

fundi_simu
Mimi nakushauri kataa hiyo ofa uombe iwe chini ya milioni, maana ukivuka milioni tu mshahara wote unakatwa asilimia thelathini. Jamaa yangu aliongezewa mshahara akaishia kupokea pungufu.

mama_leja
Fundi simu rudi kwenye simu zako. Hiyo thelathini inagusa kile kinachozidi milioni, sio mshahara wote. Laki mbili na sabini za mwanzo hazikatwi hata senti, kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia nane, mpaka 760,000 ishirini, mpaka milioni ishirini na tano. Ukijumlisha ngazi zote hizo, milioni yako ya kwanza inalipa 128,000 tu. Jamaa yako kama alipokea pungufu basi kuna kato lingine alikuficha, muulize vizuri.

Boss_wa_Mahesabu
Mbona rahisi jamani. Kosa la dada ni kujumlisha badala ya kugawanya. Kumi ya NSSF na thelathini ya PAYE ni arobaini, kwa hiyo mkononi unabaki na sitini. Chukua milioni na nusu gawanya kwa 0.6, unapata 2,500,000. Mpelekee hiyo. Fungeni uzi.

mwalimu_wa_fasihi
Milioni mbili na nusu?? Nikimpelekea hiyo atameza karanga na maganda yake.

mama_leja
Boss uko nusu njia. Kugawanya ni sawa kabisa, ila umekosea mara mbili. Kwanza NSSF inatoka kabla ya kodi, kwa hiyo thelathini haili mia nzima, inakula tisini iliyobaki, inakuwa ishirini na saba. Kumi na ishirini na saba ni thelathini na saba, inabaki sitini na tatu. Pili umemtoza milioni ya kwanza kwa thelathini, yaani laki tatu, wakati nimetoka kusema inalipa 128,000. Tofauti yake ni 172,000 na ni haki ya mwalimu.

Kwa hiyo mwalimu, kwa mshahara wa kwako, mkononi ni asilimia 63 ya grosi kisha ongeza 172,000. Ukitaka kurudi nyuma unaanza kuondoa hiyo 172,000, ndipo unagawanya. Milioni na nusu toa 172,000 inabaki 1,328,000, gawa kwa 0.63, grosi 2,107,937. Kwenye Excel, kama neti iko B1:

```
=(B1-172000)/0.63
```

Usiniamini, ihakiki kwa kwenda mbele. NSSF 210,794, inabaki 1,897,143. Iliyozidi milioni ni 897,143, thelathini yake 269,143, weka na ile 128,000 PAYE inakuwa 397,143. Toa. Milioni na nusu kamili. Ila hii ni kwa anayetaka zaidi ya 872,000 mkononi, chini ya hapo unakuwa hujafika ngazi ya juu na namba zinabadilika, msije mkampigia dada wa kazi hesabu hii.

Kaka_Mkubwa_Tegeta
Ngoja kwanza. 2,107,937. Lina SABA mbili! Ndio maana dada hakulipata, kalkuleta yake haiwezi hata kuliandika 😂😂😂

pilipili_manga
😂😂😂 nimemwaga chai. Wakuu muacheni dada, kafanya hesabu kwa vitufe alivyojaliwa.

mwalimu_wa_fasihi
Nyie chekeni. Mimi nasikia bado ile sauti. "Umesoma Kiswahili." Kwani yeye alisomea karanga? Mama leja ubarikiwe, ila swali moja la kijinga, nikimwambia aongeze ile 141,710 iliyopungua si tunakuwa tumemaliza?

mama_leja
Hapana mwanangu, ndilo kosa lile lile limevaa kanzu. Kila elfu moja inayoongezwa kwenye grosi yako, mia inakwenda NSSF, mia mbili na sabini inakwenda TRA, wewe unapokea mia sita na thelathini. Akiongeza 141,710 utapata elfu themanini na tisa na kitu, bado utakuwa unadai. Gawanya hiyo 141,710 kwa 0.63 ndipo aongeze, ni 224,937. Jumlisha na 1,883,000 yake uone inafika wapi.

Boss_wa_Mahesabu
Inafika 2,107,937. Sawa nimekubali. Ila mtu ukienda kuomba kazi unataja kubwa halafu wanakushusha, kwa hiyo 2.5 yangu bado ina hekima.

mdeni_sugu
Samahani kuingilia, mwalimu ulisoma kwa mkopo wa bodi? Maana mimi nilipiga hesabu nzuri kama ya huyo mama, mwezi wa tatu HESLB wakaja na asilimia kumi na tano yao, nikalia chooni.

mwalimu_wa_fasihi
...

mdeni_sugu
Nyamaza hiyo naijua.

mama_leja
Mwalimu ungesema mapema! Hiyo 15 inakatwa kwenye mshahara wa msingi, na haikupunguzii kodi, inachotwa baada ya PAYE. Kama mshahara wako wote ni wa msingi, ile 63 inashuka kuwa 48. Chukua 1,328,000 gawa kwa 0.48, grosi inafika 2,766,667.

pilipili_manga
Milioni mbili na laki saba ili mtu ale moja na nusu, duh.

mwalimu_wa_fasihi
Yaani kutoka 1,883,000 ya dada mpaka 2,766,667. Bosi atadhani nimemtukana. Kwani deni la bodi ni lake?

Kaka_Mkubwa_Tegeta
Si lake. Ila wewe ndiye uliyesema "inayoingia benki", na benki haijui deni la nani. Mimi ningemwambia wazi kuwa nina mkopo, tukubaliane kwenye ile 2,107,937 na bodi nipambane nayo mwenyewe, maana ukiificha mwajiri ataandikiwa tu makato.

mdeni_sugu
Au aombe mshahara ugawanywe, msingi mdogo na posho kubwa, bodi inakula kidogo. Kwetu walifanya hivyo.

mama_leja
PAYE haikwepi, posho ya nyumba na usafiri zinazolipwa taslimu nazo zinatozwa. Kwa bodi utapata nafuu kweli. Ila angalieni na kiinua mgongo na malipo ya likizo, vingi huwa vinapigwa kwa mshahara wa msingi.

Boss_wa_Mahesabu
Sikubaliani, kwetu posho hazikatwi NSSF kabisa.

mama_leja
Basi mkikaguliwa mtatusimulia.

mtumishi_wa_umma
Nyie mnalialia asilimia kumi, sisi wa PSSSF tunakatwa tano mwajiri anaweka kumi na tano, na bado mshahara hautoshi. Halafu kuna chama kinanikata na sikumbuki nilijaza fomu lini.

wa_Kisauni
Nyinyi Bongo mna raha, huku Kenya kuna NSSF, kuna SHIF 2.75, kuna nyumba 1.5, na hiyo nyumba yenyewe siioni. Nikipiga hesabu ya kurudi nyuma narudi mpaka kwa mamangu.

kibarua_wa_godauni
Naomba kuuliza, mimi bosi ananikata NSSF asilimia ishirini yote, anasema ndiyo sheria.

mama_leja
NANI? Mchango ni ishirini, lakini mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Kumi ni ya mfukoni kwake. Una slipu?

kibarua_wa_godauni
Slipu hatupewi, tunasaini kwenye daftari.

Kaka_Mkubwa_Tegeta
Aisee. Huyu ndiye alistahili kufungua uzi. Ingia ofisi yoyote ya NSSF na kitambulisho uombe taarifa ya michango yako, uone hata kama hiyo ishirini inafika.

kibarua_wa_godauni
Nina miaka minne sijawahi kwenda.

pilipili_manga
Minne! Nenda kesho asubuhi kabla foleni haijajaa, utuletee majibu hapa.

mtumishi_wa_umma
Na ukitoka huko pitia kwa chama changu uwaulize fomu yangu iko wapi.

mwalimu_wa_fasihi
Jamani na mimi Jumatatu nafanyaje

Kaka_Mkubwa_Tegeta
Nenda na kalkuleta yako.