Msaada: kitovu cha duara kimeangukia nje ya pembetatu, nimekosea wapi?

Mwanafunzi wa Ujiji
Wakuu shikamooni. Niko kidato cha tano hapa Kigoma. Tumepewa A(6, 5), B(-1, 4) na C(-2, 1), tutafute duara linalopita kote. Nimepata kitovu (3, 1). Nilipochora kwenye karatasi ya grafu, kitovu kiko nje ya pembetatu ABC! Mwenzangu anasema kitovu lazima kiwe ndani. Nimefuta mara mbili, karatasi inakaribia kutoboka.

Mzee wa Mwanga
Marahaba. Jumlisha x zote ugawe kwa 3, na y vivyo hivyo. Utapata katikati (1, 10/3), na hiyo iko ndani.

Mama Hesabu
Hiyo ni katikati ya pembetatu, mzee wangu, si ya duara. Pima kutoka hapo: B ni jirani kabisa, A iko mbali. Kitovu kinatakiwa kiwe mbali sawasawa na zote tatu.

Mwanangu, anzia hapo hapo. Umbali wa kitovu hadi A ni sawa na hadi B:

(x-6)² + (y-5)² = (x+1)² + (y-4)²

Ukifungua mabano, x² na y² zinakatana, unabaki na 7x + y = 22. Fanya hivyo kwa B na C, utapata x + 3y = 6. Zote mbili zinakupa x = 3, y = 1. Hujakosea. Kutoka (3, 1) hadi A ni hatua 3 kulia na 4 juu, kwa hiyo nusu kipenyo ni 5:

(x-3)² + (y-1)² = 25

Weka B: 16 + 9. Weka C: 25 + 0. Zimekubali.

Kitovu kimetoka nje kwa sababu pembe ya B ni butu. AB² ni 50, BC² ni 10, lakini AC² ni 80, inazidi jumla yao. Kitovu kinakaa ndani pale tu pembe zote zikiwa kali.

Mwanafunzi wa Ujiji
Asante sana mama! Kumbe bikari ilikuwa sahihi, nilifuta bure.

Fundi wa Tabora
Na mimi nina duara langu. Kipande cha msingi wa tangi la zamani, nimefunga kamba ya mita 1 toka ncha hadi ncha, kimo cha upinde katikati sentimita 5. Nikapima tena, 6. Nusu kipenyo kipi?

Mama Hesabu
Kwa 5 ni kama sentimita 252, kwa 6 ni 211. Nukta zako tatu zinakaribia kulala mstari mmoja, ndiyo maana sentimita moja inahamisha kitovu hivyo. Zingelala kabisa, duara lisingekuwepo. Tanua kamba kadiri unavyoweza.

Fundi wa Tabora
Kipande chenyewe kimebaki mita moja na robo tu, kwingine kumejengwa ukuta.

Mzee wa Mwanga
Chimba pembeni ya ukuta, huenda msingi unaendelea chini.