Rovu la binti na rovu la bibi yake: je, chumvi ya pakiti itayaondoa yote mawili?

Mwalimu_wa_Bahi:
Wanajamvi, salaam. Naishi Bahi pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 61, kaka yangu, mke wake ambaye ni mjamzito wa miezi mitano, na watoto wao wawili. Mama ana rovu, yaani goita, tangu ujana wake; ni kubwa, lina mabonge mabonge, na halimuumi. Jambo lililonifanya niandike ni kwamba binti wa kaka yangu, mwenye miaka 13, naye ameanza kuvimba shingo. Uvimbe wake ni laini, na huonekana vizuri zaidi anapoinua kidevu.

Nyumbani tunatumia chumvi ya kupima kwa kopo kutoka mnadani. Mara nyingine ni ile ya kienyeji inayochemshwa kutokana na udongo wa mbugani. Majirani wanasema rovu ni la ukoo, na wengine wanasema linatokana na kubeba ndoo za maji kichwani. Naomba kujua kama tukihamia chumvi ya pakiti yenye madini joto, uvimbe wa binti na wa bibi yake utapungua.

Kibaigwa_Mkulima:
Mwalimu, tatizo ni uwele. Sisi Wagogo tunakula ugali wa uwele mwaka mzima, na nilisikia kwenye semina kwamba uwele unaleta goita. Badilisheni unga mtumie mahindi, shingo itapona.

Mama_Wawili:
Mimi nilifanyiwa upasuaji wa goita miaka sita iliyopita, na tangu hapo ninameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula. Sikuwahi kuambiwa habari za chumvi. Ila nauliza: si tunakatazwa chumvi kwa sababu ya presha? Iweje leo chumvi iwe dawa?

Afisa_Lishe_Mstaafu:
Mwalimu, nimefanya kazi ya lishe vijijini kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa urefu kidogo.

Tezi iliyo mbele ya koo hutengeneza homoni inayoongoza kasi ya mwili, na homoni hiyo haiwezi kutengenezwa bila madini joto, yaani iodini. Yakipungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huona kwamba homoni imepungua katika damu, nayo huiamuru tezi ya shingo ifanye kazi zaidi. Tezi haina njia ya kutii isipokuwa kukua. Mmewahi kuona watu wakichimba maji katika mchanga wa mto uliokauka: maji yakipungua, shimo hupanuliwa na kuchimbwa chini zaidi, na mwishowe huwa shimo kubwa lenye maji yaleyale machache. Ndivyo ilivyo shingo ya binti. Ndoo za maji hazihusiki. Kuhusu ukoo, watu wa nyumba moja hula chungu kimoja, na mara nyingi hilo pekee linatosha kueleza kwa nini rovu linaonekana kwa bibi na kwa mjukuu, ingawa wapo wanaopata kwa urahisi zaidi kuliko wenzao.

Madini joto hupungua katika udongo uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, hivyo mboga, nafaka na hata maziwa ya mahali hapo hubeba kidogo. Ndugu wa Kibaigwa amegusa jambo la kweli, lakini nusu tu. Uwele una viambato vinavyoizuia tezi kufanya kazi yake, na jambo hilo limechunguzwa sana huko Sudani. Hata hivyo, madhara yake hujitokeza zaidi pale ambapo madini joto tayari ni haba. Kumnyima mtoto uwele, nafaka inayostahimili ukame wetu, na kumwachia chumvi ileile, si tiba.

Sasa tupige hesabu ya nyumba yenu. Mko watu sita. Tuseme kilo moja ya chumvi inawatosha siku 28. Kila mmoja anapata takriban gramu 6 kwa siku. Chumvi iliyotoka kiwandani na miligramu 30 za madini joto kwa kilo ingempa kila mtu mikrogramu 180. Ondoa moja ya tano kwa kukaa dukani na ghalani, kisha moja ya tano ya kilichobaki kwa kupikwa, unabaki na kama 115. Mtu mzima anahitaji 150, na mjamzito 250. Chakula huongeza kidogo, lakini unaona kwamba nafasi ya kupoteza ni ndogo. Chumvi isiyowekwa madini joto huwapa karibu sifuri.

Dada Mama_Wawili, swali lako ni zuri: hakuna anayeambiwa ale chumvi zaidi. Kiasi cha chumvi kinabaki kilekile, kinachobadilika ni kilichomo. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu kila mtu, tajiri kwa maskini, huila kila siku kwa kiasi kinachokaribiana, na huzalishwa mahali pachache. Uswisi ilianza mwaka 1922. Kwa tani nzima ya chumvi, gramu kama 50 za potasiamu iodeti, kemikali inayobeba madini joto, zinatosha. Huyeyushwa katika maji na kunyunyiziwa. Ugumu ni kuchanganya: mzalishaji mdogo akinyunyizia rundo bila kuligeuza vizuri, gunia moja hupata nyingi na lingine halipati kitu.

Mbeya_Kwetu:
Mama yangu alimezeshwa vidonge vya mafuta yenye madini joto miaka ya 1980 huko Mbeya. Kwa nini wasirudishe vile vidonge?

Afisa_Lishe_Mstaafu:
Vilifaa kama hatua ya dharura katika wilaya zilizoathirika sana. Kidonge kinahitaji mtu akufikie tena kila baada ya muda, wakati chumvi inakufikia yenyewe.

Kibaigwa_Mkulima:
Basi Mwalimu aipime nyumbani. Aweke chumvi kwenye maji ya wali. Ikigeuka bluu, ina madini joto.

Afisa_Lishe_Mstaafu:
Kwa chumvi yetu haitageuka. Iodeti haipaki wanga rangi mpaka kwanza igeuzwe kuwa iodini, na kazi hiyo hufanywa na matone ya kipimo maalumu ambacho maafisa lishe na afya huwa nacho. Ukipima kwa maji ya wali, utaitupa chumvi nzuri. Hata kipimo hicho kinaonyesha kama yamo au hayamo. Kiasi hasa hupimwa maabara.

Mwalimu, kuhusu swali lako la msingi: uvimbe laini wa binti huweza kupungua kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Rovu la mama halitaondoka kwa chumvi, kwa kuwa mabonge ya miaka mingi yameshajijenga. Tena baadhi ya mabonge hayo hujiendesha bila kusubiri amri, na yakipata madini joto ghafla hutoa homoni kupita kiasi. Zimbabwe iliona wagonjwa wa namna hiyo miaka ya 1990. Mama apimwe homoni, na mkiona moyo unakwenda mbio, anakonda, anatetemeka, sauti inakwaruza au anapata shida kumeza na kupumua, msingoje. Ila msimnyime mjamzito chumvi hiyo kwa hofu ya bibi, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama yake. Iodini ya kupaka vidonda isinywewe na yeyote.

Mama_Wawili:
Kwa hiyo bibi apikiwe chungu chake?

Afisa_Lishe_Mstaafu:
Mimi nisingetenga chungu, ningetanguliza kipimo. Najua madaktari ambao wangekuwa waangalifu zaidi yangu.

Mwalimu_wa_Bahi:
Nashukuru, mzee wangu. Leo mhudumu wa zahanati amenipimia. Chumvi ya kienyeji na ya kopo hazikubadilika hata kidogo. Ya pakiti ya dukani iligeuka bluu, lakini pakiti tuliyoiacha wazi karibu na jiko ilikuwa na rangi hafifu. Tumenunua kopo lenye mfuniko, na shemeji ameanza kutia chumvi mboga inapokaribia kuiva. Mama anakwenda hospitali Jumatatu.