Naomba ushauri: doa jeusi kwenye unyayo wa mama linabadilika

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandika kutoka Moshi kuhusu doa lililo kwenye unyayo wa mama yangu, karibu na kisigino, mahali ambapo huwa hapaangaliwi mara kwa mara.

Mwaka jana lilikuwa dogo kama punje ya mtama, la rangi moja ya kahawia. Miezi michache iliyopita nilianza kulipiga picha nikiwa nimeweka rula pembeni, na picha zinaonyesha limekua kutoka milimita 4 hadi kufikia 9. Upande mmoja umetambaa kuelekea vidole huku mwingine ukibaki vilevile, kingo zimekuwa na mapengo, na ndani yake sasa kuna weusi, kahawia na sehemu ya kijivu. Haliumi wala haliwashi, na hilo ndilo linalomfanya mama asiwe na haraka, ingawa mimi halinitulizi hata kidogo, kwa kuwa nahofia ni melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa sisi weusi hupenda kuanzia kwenye nyayo, na mwanzoni huwa haina maumivu.

Kwenye zahanati ya jirani walidhani ni sugu, wakashauri lichomwe. Nimekataa kwa sasa, maana likishachomwa hakutabaki nyama ya kupimwa.

Naomba kuuliza: je, kliniki ya ngozi ya KCMC inampokea mgonjwa asiye na rufaa? Na je, ni kawaida doa la unyayoni kuondolewa lote kwa ajili ya kipimo, au hukatwa kipande tu kwanza?