Naomba ushauri: kichwa cha jedwali hakijirudii kila ukurasa kwenye Word

Salaam alaikum wanajamii. Niko Lamu, naandaa orodha ya majahazi na mashua kwa kikundi cha manahodha. Jedwali nimelitoa kwenye PDF nikalibandika Word. Mistari ya pembeni imekaa sawa kwa All Borders. Kinachonisumbua ni kichwa: nimebonyeza Repeat Header Rows, lakini kinaonekana ukurasa wa kwanza tu.

Text wrapping niliikuta Around, nikaiweka None. Wapi! Nilipowasha alama ya ¶ ndipo nikaona chanzo: kila ukurasa wa PDF umekuja kama jedwali lake, katikati kuna aya tupu. Nikiifuta, vipande vinaungana, ila safu ya "Nahodha" huku pana, kule nyembamba, na Distribute Columns inalazimisha hata safu ya namba iwe pana vilevile.

Nafikiria Convert to Text, halafu Convert Text to Table. Hofu yangu ni seli zenye majina mawili, moja chini ya jingine: si zitakatika ziwe safu mlalo mbili? Aliyewahi kufanya, hizo alama za kushuka mstari ndani ya seli unaziondoaje kwanza?