Naomba ushauri: bibi anasema hivi, cheti kinasema vile

Wakuu, habari. Nimemrekodi bibi yangu wa Nachingwea kwa simu kwa ajili ya kitabu, jumla masaa matatu. Kuandika lisaa limoja tu kumenila siku nzima, maana anachanganya Kimwera na Kiswahili, na jogoo wake hanyamazi.

Kilichonikwamisha ni miaka. Bibi anasema aliolewa trekta za karanga zikiwa zinang'oa miti, na mradi ule wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947. Cheti cha ubatizo cha baba mkubwa, kifungua mimba wake, kimeandikwa 1945. Nilipomrudia akacheka: "Trekta nilizikimbia na mtoto mgongoni."

Kitabuni niweke kauli zote mbili na cheti? Na Kimwera chake nikiache kilivyo, tafsiri iwe chini?