Uliombaje ruhusa ya picha za zamani kwa shangazi? Tupeane uzoefu

Binti Pangani: Nataka kutengeneza picha moja kubwa ya kumkumbuka marehemu babu, kwa kuunganisha sura za wanaukoo. Picha zenyewe zimo kwenye albamu ya shangazi, Tanga. Barua nimeiandika hivi:

"Shikamoo shangazi. Natumai hujambo, sisi huku wazima. Nakuomba ruhusa ya picha tatu: ile ya babu mlangoni mwa duka, ya harusi yako, na ya bibi aliyopigwa studio. Nitazinakili hapo hapo kwako, hazitatoka nyumbani. Picha ya pamoja itatundikwa siku ya mkutano wa ukoo, haitapelekwa mtandaoni. Kama kuna usiyoipenda, niambie niiache."

Nyie mliandikaje?

Fundi Picha: Barua ina adabu, ila hujamwambia kwamba utakata. Kunakili ni jambo moja. Kumtoa babu kwenye picha ya harusi ukamweka karibu na mtu ambaye hawakuwahi kuonana ni jambo jingine kabisa. Mteja wangu mmoja alipewa picha zote kwa moyo mweupe, kazi ilipotoka shangazi mtu akamkuta mumewe wa kwanza amefutwa. Akalia. Andika: "Kwenye ya harusi nitamchukua babu peke yake, wengine hawataonekana." Halafu mpelekee rasimu kwenye karatasi ya kawaida kabla ya kuchapisha.

Mtoto wa Ngamiani: Kuomba cha nini? Picha ya ukoo ni ya ukoo wote.

Bi Mkubwa: Kumbukumbu ni zetu sote, mwanangu, lakini albamu aliitunza yeye. Mimi nimeshahiji, sipendi picha zangu za ujana nikiwa kichwa wazi zitundikwe mbele za watu. Aulizwe na hilo, kwa jina la kila picha.

Mjukuu Mvita: Zangu zimegandia kwenye kurasa za gundi. Nizibandue vipi?

Fundi Picha: Usivute. Piga picha ukurasa mzima karibu na dirisha, jua lisiupige moja kwa moja, na flashi uizime. Uzi wa meno unaweza kupita chini taratibu, lakini karatasi ikianza kuchanika acha.

Binti Pangani, skana kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Uso wa sentimita 1 utatoa nukta kama 236, na ukichapisha kwa 300 dpi utafika sentimita 2 hivi kabla haujaanza kupoteza ukali. Ukimtaka babu awe mkubwa katikati, omba picha ambayo uso wake ni mkubwa tangu mwanzo. Kwenye ile ya mlangoni mwa duka, uso wa babu ni mdogo?

Binti Pangani: Mdogo sana, kama ukucha. Basi nitaomba na ya nne, ile ya kitambulisho. Sijui kama atakubali, hiyo huwa haonyeshi mtu.

Mtoto wa Ngamiani: Na zile zenye muhuri wa studio nyuma, mpiga picha naye aombwe?

Bi Mkubwa: Hilo mimi silijui. Studio nyingi za wakati wetu zilishafungwa.